Kurasa tatu zinazoachwa hadi usiku wa kubaindi

Ripoti ilikuwa ya kurasa 70 na ushei, imeshabaindiwa kwa jalada gumu jeusi na jina la mwandishi limepigwa kwa rangi ya dhahabu. Mwandishi wake, binti wa mwaka wa mwisho wa kemia, alikuwa amechoma mifupa ya ng'ombe, akaiponda, akaichekecha, kisha akaitumia kuondoa floridi kwenye maji ya visima vya miteremko ya Mlima Meru. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Lakini katika sura ya nne nilikuta jedwali linalosema n = 0.45, na kwa kuwa sikujua n hiyo ni ipi, nikarudi kwenye orodha ya alama mwanzoni mwa ripoti. Pale niliambiwa kwamba n ni "idadi ya vipimo". Idadi ya vipimo haiwezi kuwa chini ya moja.

Nilipomwita kumuuliza, hakuficha. "Mwalimu, hiyo orodha niliiandika usiku wa kuamkia kubaindi. Nilichukua ya kaka mmoja aliyemaliza mwaka jana, nikabadilisha vichache." Na ukurasa wa shukrani je? Usiku huohuo. Na mstari wa maneno muhimu chini ya ikisiri? Asubuhi, akiwa kwenye foleni ya steshenari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi ninaowasimamia kurasa hizo tatu peke yake, kabla hata hawajawasha jiko la maabara. Nitazieleza hapa kwa kutumia mradi wa binti huyo, ila tarakimu nimezirahisisha ili hesabu ifuatike.

Kwanza mradi wenyewe. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floridi nyingi kwa sababu hupita kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kupita hapo kwa miaka mingi, meno ya watoto yanaota yakiwa na madoa ya kahawia, na floridi ikizidi sana hata mifupa hupinda. Mifupa ya ng'ombe iliyochomwa vizuri huinasa floridi hiyo, na huko Arusha kuna kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilichojulikana kwa kazi hii. Mwanafunzi anachofanya maabara ni kutia mkaa wa mifupa kwenye chupa ya maji, kuitikisa kwa saa kadhaa, kuchuja, na kupima floridi iliyobaki majini.

Sasa turudi kwenye n. Ili kueleza jinsi mkaa unavyonasa floridi, wakemia hutumia mlinganyo wa Freundlich:

```
qe = KF · Ce^(1/n)
```

Herufi qe ni kiasi cha floridi kilichonaswa na kila gramu ya mkaa. Ce ni ukolezi wa floridi iliyobaki majini mambo yakishatulia, yaani pale ambapo kuendelea kutikisa chupa hakubadilishi tena kitu. Mwanafunzi huchora grafu ya logi ya qe dhidi ya logi ya Ce, akapata mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo si n. Mteremko ni 1/n. Binti wetu alipata mteremko wa 0.45, akauandika kwenye jedwali kama n. Alipaswa kugawa 1 kwa 0.45 ili apate n iliyo karibu na 2.22.

Mtu anaweza kudhani hilo ni kosa dogo la uandishi. Hebu tulifuate lilikoelekea. Tuseme KF ni 1.25, na kuna mhandisi wa maji anayetaka kujua mkaa huu utanasa kiasi gani maji yanapobaki na miligramu 4 za floridi kwa lita. Akitumia kipeo sahihi, 0.45, anapata miligramu 2.3 kwa gramu. Akiiamini ripoti kwamba n ni 0.45, kipeo chake kinakuwa 2.22, na jibu linaruka hadi miligramu 27 kwa gramu. Mhandisi huyo atatengeneza chujio lenye mkaa mdogo kuliko unaohitajika kwa zaidi ya mara kumi, na familia itakayolitumia itaendelea kunywa floridi ikidhani imeponywa.

Orodha ya alama iliyoandikwa kwa uangalifu ingelikamata kosa hilo kabla halijatoka chuoni, kwa sababu mstari wa n ungemlazimisha mwandishi aandike n ni nini na inapatikanaje. Ndiyo maana siipendi orodha inayosema tu "n – konstanti ya Freundlich". Hiyo inataja jina la herufi bila kusema inafanya kazi gani. Andika: "n – konstanti ya Freundlich, iliyopatikana kwa kugawa 1 kwa mteremko wa Kielelezo namba fulani, haina kizio." Msomaji akiona maneno hayo halafu akutane na 0.45 kwenye jedwali, atashtuka. Na mwandishi mwenyewe atashtuka kabla yake.

Lakini kwa nini n ilikuwa "idadi ya vipimo" kwenye orodha ile? Kwa sababu ripoti ya maabara hujengwa kwa vipande vilivyookotwa kwenye vitabu tofauti, na kila kitabu kina herufi zake. Mlinganyo wa Freundlich una n yake. Sura ya takwimu ina n nyingine, ambayo kweli ni idadi ya vipimo. Sehemu inayoeleza chombo cha kupimia, elektrodi ya floridi, ina E ya volteji na S ya mteremko, wakati kwenye takwimu s ndogo ni mchepuko sanifu. R ni konstanti ya gesi kwenye mlinganyo mmoja, na R iliyopandishwa 2 juu yake ni kipimo cha jinsi mstari ulivyokaa kwenye nukta. Hata sifuri ndogo inayowekwa chini ya herufi ina tabia mbili: kwenye C0 ina maana ya "mwanzo", ilhali kwenye E0 ina maana ya "hali sanifu". Kila kitabu peke yake hakina kosa. Kosa linaingia vitabu vinapokutana ndani ya ripoti moja.

Dawa yake ni kazi ya jioni moja. Chapisha rasimu, shika kalamu ya rangi, anza ukurasa wa kwanza hadi viambatisho, na kila herufi inapojitokeza kwa mara ya kwanza iandike kwenye karatasi pembeni pamoja na namba ya ukurasa. Ukiikuta tena ikiwa na maana nyingine, iandike tena, usiipite. Mwisho wa jioni utaona herufi zilizoandikwa mara mbili, na hizo ndizo za kushughulikia. Njia nzuri ni kuiachia n kwa Freundlich, maana wasomaji wa fani hiyo wameizoea pale, na idadi ya vipimo ukaiita N. Ukishaamua, badilisha kila mahali, pamoja na kwenye michoro. Michoro ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mingi ilitengenezwa kwenye programu nyingine miezi miwili kabla.

Jambo la pili ni kizio, na hapa mkaa wetu unatupa mfano mzuri. Kiasi kilichonaswa hupatikana kwa hesabu hii:

```
qe = (C0 − Ce) · V / m
```

Maji yalianza na miligramu 8.0 kwa lita, yakaishia na 1.2. Kwenye chupa kulikuwa na mililita 100 za maji na gramu 0.5 za mkaa. Kama orodha inasema V ni ujazo kwa lita, tunaweka 0.1, na jibu ni miligramu 1.36 kwa gramu. Kama orodha inasema tu "V – ujazo", mwanafunzi huweka 100 kwa sababu ndiyo namba iliyo kwenye daftari lake, na anapata 1,360. Hii ina maana kwamba gramu moja ya mkaa imebeba zaidi ya gramu moja ya floridi.

Kuna njia rahisi ya kulitambua kosa hilo hata bila kujua kemia nyingi. Jiulize: chupani kulikuwa na floridi kiasi gani kwa jumla? Miligramu 8.0 kwa lita mara lita 0.1 ni miligramu 0.8 tu. Mkaa hauwezi kunasa kisichokuwamo. Ukichukua 1.36 ukazidisha kwa gramu 0.5 unapata 0.68, ambayo iko chini ya 0.8, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa hiyo kila alama yenye kizio iandikwe na kizio chake, kilekile kilichotumika kwenye hesabu, si kile kinachopendeza macho.

Na ukolezi usemwe ni wa nini. Myeyusho wa kulinganishia hutengenezwa kwa chumvi ya floridi ya sodiamu, na ili kupata gramu 1 ya floridi unahitaji gramu 2.21 za chumvi hiyo, kwani uzito uliobaki ni wa sodiamu. Ukiandika "C – ukolezi" bila kusema ni wa floridi yenyewe au wa chumvi, umeacha mlango wa kosa la zaidi ya mara mbili.

KF ndiyo inayosumbua wengi zaidi kwa sababu kizio chake kinabadilika kufuatana na n. Wanafunzi wengine huacha nafasi wazi, wengine huandika "haina kizio", na yote mawili si kweli. Ukitaka kuielewa, jiulize mlinganyo unasemaje Ce ikiwa 1. Moja ikipandishwa kwa kipeo chochote hubaki moja, kwa hiyo KF ni kile kiasi kinachonaswa na gramu ya mkaa maji yanapobaki na miligramu 1 kwa lita. Andika hivyo kwenye orodha, na utaje kwamba qe ilikuwa kwa miligramu kwa gramu na Ce kwa miligramu kwa lita. Mtu aliyefanya kazi kwa vizio vingine atajua kwamba hawezi kuchukua KF yake akailinganisha na yako kabla ya kubadilisha.

Orodha ya mradi huu, ikisafishwa, ina mistari ya namna hii:

```
C0   ukolezi wa floridi mwanzoni            mg/L
Ce   ukolezi wa floridi kwenye msawazo      mg/L
KF   floridi iliyonaswa Ce ikiwa 1 mg/L     tazama Sura ya 3
m    tungamo la mkaa mkavu                  g
N    idadi ya vipimo                        –
n    konstanti ya Freundlich (1/mteremko)   –
qe   floridi iliyonaswa kwenye msawazo      mg/g
V    ujazo wa maji                          L
```

Neno "mkavu" kwenye mstari wa m halikuwekwa kama pambo. Mkaa ulioachwa wazi hufyonza unyevu wa hewa, na asiyesema kama aliukausha kabla ya kuupima hajasema alipima nini.

Kuhusu mpangilio, herufi za Kilatini hutangulia kwa alfabeti, kisha za Kigiriki, na vifupisho vya maneno hukaa kwenye orodha yao. Alama za vitu vinavyopimwa huandikwa kwa herufi za mlazo, na vizio kwa herufi za wima. Sheria hii inasaidia kweli: V ya mlazo ni ujazo na V ya wima ni volti, m ya mlazo ni tungamo na m ya wima ni mita. Lita nayo iandikwe kwa L kubwa. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliiruhusu mwaka 1979 kwa sababu l ndogo inafanana mno na tarakimu 1.

Tuje kwenye shukrani. Desturi yetu ni kuanza na Mwenyezi Mungu, kisha wazazi, kisha msimamizi, na sina ugomvi na desturi hiyo. Ninachokiona ni kwamba nafasi yote huishia hapo, na watu walioushika mradi kwa mikono yao wanafungiwa kwenye sentensi moja ya "wote walionisaidia kwa namna moja au nyingine". Wazazi wana haki ya heshima kubwa zaidi, na ukurasa wa tabaruku upo kwa ajili hiyo. Ukurasa wa shukrani unamwambia msomaji kazi hii iliwezekanaje na nani alifanya sehemu gani.

Mradi wa mkaa wa mifupa unaonyesha jinsi orodha hiyo ilivyo ndefu. Kuna mwenye bucha aliyemtunzia mifupa. Kuna familia iliyomruhusu achote maji kwenye kisima chao kila wiki. Kuna fundi sanifu wa maabara aliyemfundisha kusoma rangi: mfupa uliobaki mweusi bado una masalia ya nyama na utayapa maji harufu, na uliokuwa mweupe pe umepata moto kupita kiasi na nguvu ya kunasa imepungua. Maarifa hayo ya rangi hakuyapata kitabuni, na ripoti nzima imesimama juu yake. Mtu kama huyo anastahili jina lake kamili, cheo chake, na kitenzi kinachosema alichofanya. "Namshukuru fundi sanifu fulani kwa kunifundisha kuchoma mifupa na kusimamia tanuri" ni sentensi yenye uzito kuliko aya nzima ya sifa.

Kuna sababu nyingine ya kutaja kwa usahihi, nayo inahusu uaminifu. Elektrodi ya floridi ya idara iliharibika katikati ya mradi, sampuli zikapelekwa maabara nyingine, na mtaalamu wa huko ndiye aliyezipima. Ripoti ilisema "nilipima". Siku ya kutetea mradi mtahini wa nje akauliza swali la kawaida kabisa.

"Elektrodi yako ilikuwa na mteremko wa milivolti ngapi?"

"Samahani Profesa, hiyo sikuiandika."

Aliyeipima elektrodi hiyo mwenyewe hawezi kusahau namba ile, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuangaliwa kila asubuhi: elektrodi nzima, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, hubadilika kwa karibu milivolti 59 kila ukolezi unapopanda mara kumi. Mtahini alijua hapohapo kwamba mpimaji alikuwa mtu mwingine. Si kosa kusaidiwa kupima. Kosa ni msaada huo kukosekana kwenye ripoti. Inatakiwa useme mara mbili: kwenye sura ya mbinu, kwamba vipimo vya sampuli kadhaa vilifanyika maabara fulani na mtaalamu fulani, na kwenye shukrani, ukimshukuru. Aliyekupa fedha, kemikali au chombo naye atajwe pamoja na alichotoa, ili msomaji ajue kama kuna mwenye masilahi na matokeo.

Kabla ya kuandika jina la mtu, muulize. Wenye kisima huenda hawapendi kijiji kizima kijue kwamba maji yao yana floridi mara tano ya kiwango. Hao unaweza kuwashukuru kama familia za eneo hilo bila majina, na kisima ukakipa namba. Kwa waliokubali, hakikisha tahajia na cheo, maana aliyekuwa Daktari wakati unaanza huenda ameshakuwa Profesa. Na ukurasa mmoja unatosha.

Maneno muhimu ni mstari mmoja tu, chini ya ikisiri, maneno manne hadi sita. Binti wetu aliandika: kemia, maji, maabara, floridi, afya. Ripoti za aina hiyo huwekwa kwenye hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo, na vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki vinatumia mfumo uitwao DSpace. Humo kila neno muhimu huingizwa kwenye sehemu inayoitwa `dc.subject`, na msomaji hutafuta kwa kupitia hapo. Jaribio ninalowapa wanafunzi ni hili: fungua hazina ya chuo chako, andika neno lako, uone linaleta nini. "Maji" italeta ripoti za uvuvi, umwagiliaji na mabomba, na yako itazama humo. "Mkaa wa mifupa" italeta chache, na karibu zote zitakuwa za ndugu zako wa kazi.

Tafuta maneno kwa kujiuliza maswali manne: nimeondoa nini, kwa kitu gani, nimepima kwa njia gani, na wapi. Kisha fikiria mtu ambaye angeihitaji ripoti yako lakini anatumia jina jingine. Kinachonasa floridi ndani ya mfupa ni madini ya haidroksiapataiti, ambayo hubadilishana sehemu ya umbile lake na floridi. Mtafiti wa madini hayo hatawahi kuandika "mkaa wa mifupa" anapotafuta, kwa hiyo neno hilo liingie, hasa kwa kuwa halimo kwenye kichwa cha ripoti. Maneno yaliyomo kwenye kichwa tayari yanatafutika yenyewe.

Binti alitaka pia kuweka "madoa ya meno", kwa sababu ndiyo yaliyomsukuma kuanza mradi. Nilimzuia. Hakutazama jino hata moja. Daktari wa meno angeifungua ripoti ile kwa matumaini na asikute chochote cha kwake. Neno liingie likiwa limefanyiwa kazi ndani ya ripoti, hata kama lililobaki nje ndilo linalougusa moyo wa mwandishi.

Ripoti yake kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili mstari wake wa mwisho ulisomeka hivi:

```
Maneno muhimu: floridi katika maji ya kunywa; mkaa wa mifupa;
haidroksiapataiti; mlinganyo wa Freundlich; elektrodi ya floridi; Meru
```

Alitenganisha kwa nukta mkato badala ya mkato, ili anayeingiza maneno kwenye mfumo wa maktaba aone wazi kila neno linaishia wapi, kwa kuwa mengine ni ya maneno matatu au zaidi. Jalada jeusi lilikatwa, karatasi zikatolewa, kurasa tatu zikachapishwa upya pamoja na jedwali la sura ya nne. Kwenye jedwali hilo sasa palikuwa na n = 2.22, na kwenye safu ya pembeni N = 3.